Sijakuuliza mmeishi miaka mingapi

"Sijakuuliza mmeishi miaka mingapi. Nimekuuliza ulikuwa nani kwake."

Wakili wa ndugu wa marehemu hakupaza sauti. Aliuliza taratibu kabisa, kisha akanyamaza akisubiri. Rafiki yangu alikuwa kasimama kizimbani, kashika ukingo wa mbao kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa benchi la nyuma nimepakata begi lake la nailoni lenye kila karatasi ya miaka 14, nikimwombea kimoyomoyo aseme tu neno moja. Mke. Si ndio alikuwa?

Akasema, "Tulikuwa tunaishi."

Shemeji yake mmoja akacheka, kile kicheko cha puani.

Zimepita wiki saba na lile swali halijaniachia. Naosha vyombo, nalisikia. Niko kwenye foleni, nalisikia. Sababu kubwa ni kwamba maandalizi ya kesi yake, ya kudai atambuliwe mrithi wa mwanaume aliyeishi naye bila kufunga ndoa, nilisaidia mimi, na swali hilo sikumwandaa nalo. Niseme mapema, mimi sio wakili. Nimekaa miaka 6 kwenye ofisi ya wakili nikipanga mafaili, nikichapa hati za kiapo, nikikimbiza makaratasi masjala. Mafaili ya mirathi nimeyashika mengi, na nilidhani najua mahakama inataka nini.

## Begi

Alivyokuja kwangu mara ya kwanza marehemu alikuwa na miezi miwili kaburini na ndugu walishafungua shauri la mirathi. Kwenye orodha ya warithi walijiandika wao na mtoto mmoja ambaye marehemu alimpata zamani. Yeye hakuwepo hata kwa kukosewa jina. Alijua kwa bahati tu, kuna mtu alimnong'oneza.

Tukamwaga begi sakafuni. Jamani, picha! Picha za sherehe za watu, picha wamekumbatiana, picha wamevaa sare, picha yeye amelala kwenye kochi na jamaa kampiga bila yeye kujua. Nadhani zilizidi 200. Kadi za siku ya kuzaliwa. Skrinshoti za wasapu alizozichapisha kwa rangi, "usiku mwema mke wangu", na vikopakopa.

Nikamwambia usiwe na wasiwasi, hapa tuna kesi.

Na kwenye kona ya begi, zimekunjwa kwa rababendi, zilikuwa karatasi nyingine ambazo karibu nizirudishe ndani bila kuzisoma. Bili za maji. Risiti ya fundi wa paa. Kopi ya fomu ya hospitali. Kitabu cha kodi ya nyumba ambacho mwenye nyumba alikuwa anasaini kila mwezi.

## Wanachotafuta

Kabla sijaendelea, njia ziko mbili na watu wanazichanganya sana, hata mimi nilikuwa nazichanganya.

Kuna nchi zinampa mwenza mlango wake mwenyewe. England, kwa sheria yao ya mwaka 1975 jinsi ilivyorekebishwa 1995, mtu aliyeishi na marehemu nyumba moja kama mume na mke kwa miaka 2 yote inayoishia siku ya kifo anaweza kuiomba mahakama impatie kitu cha kujikimu kutoka kwenye mali. Hana haja ya kusema "mimi ni mjane". Anasema tuliishi, wosia au sheria imenisahau.

Kwingine mlango huo haupo, inabidi upite kwenye dhana ya ndoa. Yaani hamkufunga, lakini mahakama inaangalia mlivyoishi na kusema hawa tutawachukulia walioana, mpaka atokee mtu athibitishe vinginevyo. Tanzania imo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, na imetaja miaka 2 au zaidi. Kenya hakuna idadi ya miaka iliyoandikwa, imejengwa na majaji. Ile kesi ya Yawe ya 1976 inayotajwa kila siku ilikuwa hivyo hivyo, rubani kafariki kwa ajali, mwanamke wameishi miaka 9 na watoto 4, na mahakama ya rufaa ikamkubali kama mke. Halafu Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaja ikakaza nati, ikataja masharti: muwe mmeishi muda mrefu, muwe na uwezo kisheria wa kuoana, muwe na nia na ridhaa, na muwe mlijionyesha kwa watu kama mume na mke. Kuthibitisha ni kazi ya anayedai.

Sasa angalia vizuri hicho kifungu cha 160. Hakisemi miaka 2 basi. Kinasema muwe mmeishi katika mazingira yaliyofanya mjulikane kuwa mume na mke. Miaka ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni ile aliyouliza wakili, ulikuwa nani kwake, na sio kwa macho yako wewe, kwa macho ya wengine na kwa matendo yake yeye aliyekufa. Unaweza kukaa na mtu miaka 20 mkawa wapangaji wawili wanaopendana.

Rafiki yangu kesi yake ilikuwa ya mlango huu wa pili. Ndio maana jibu la "tulikuwa tunaishi" liliniuma, maana alijibu nusu ambayo hakuulizwa.

(Na kuhusu muda, tafadhali. Huko England una miezi 6 tangu hati ya usimamizi itolewe. Kenya, mtegemezi hawezi tena kuomba fungu baada ya hati kuthibitishwa. Watu wanakaa wakilia mwaka mzima kwa heshima ya msiba, na wenzao wako masjala.)

## Karatasi zinazochosha

Wakili tuliyemtafutia alikuwa mama mtu mzima, haongei sana. Alizipitia picha kama anahesabu noti, akazirudisha kwenye bahasha, akachomoa nne tu. Kisha akafungua rababendi.

Akaniambia kitu ambacho nilikiandika nyuma ya mkono kwa peni: karatasi nzuri ni ile iliyoandikwa wakati hakuna aliyekuwa anafikiria mahakama.

Ukikaa nalo hilo linapanga begi zima. Picha ya sherehe inaonyesha mlikuwa pamoja siku ile. Upande wa pili atasema hata hawara anapigwa picha, na atakuwa hajakosea. Meseji ya "mke wangu" ni tamu, lakini watu wanawaita "mke wangu" hata waliojuana wiki iliyopita. Isitoshe skrinshoti peke yake ni karatasi tu, watauliza simu iko wapi, nani aliichapisha, namba hii ni ya nani, kwa hiyo simu yenyewe itunzwe na uwepo kiapo kinachoeleza zilitokaje humo.

Ila fomu ambayo marehemu mwenyewe aliijaza kazini kwake miaka 6 kabla hajafa, mahali pameandikwa "mwenza", akaandika jina lako kwa mwandiko wake, akasaini, akampa karani asiyekujua wala asiyejali. Hapo unabishana na marehemu sasa.

Tulikuwa nayo hiyo? Hatukuwa nayo. Lakini rafiki yangu alikumbuka kwamba jamaa aliwahi kumwomba namba ya kitambulisho "ya mambo ya kazini". Wakili akaandika barua kwa mwajiri, wakagoma, akaiomba mahakama iagize iletwe, ikaletwa. Wiki 5 zile. Kumbe ipo.

Ya pili ilikuwa ile kopi ya hospitali, marehemu alipofanyiwa upasuaji miaka 3 nyuma. Chini kuna sehemu ya anayetoa ridhaa na uhusiano wake na mgonjwa. Amesaini yeye, na kwenye uhusiano muuguzi ameandika "mke". Wakili aliishikilia karatasi ile muda mrefu akauliza, ndugu zake walikuwepo siku hiyo? Walikuwepo. Kaka mtu alikaa kwenye korido mpaka saa nane usiku. Alimwona anasaini? Alimwona, ndiye aliyempa peni.

Ndiye huyo huyo aliyecheka mahakamani.

Ya tatu ni pesa, na hapa nilijifunza. Nilikuwa nimetoa taarifa ya miamala ya miezi 36 nikapigia mstari kila mahali marehemu alipomtumia hela. Miezi 31 kati ya 36. Nikajiona bingwa. Wakili akasema hizi zote zinaonyesha kwamba alikuwa anamsaidia mwanamke, na ndio wao watakavyosema. Zigeuze. Nipe alizotuma yeye. Nikarudi nikapiga mstari kwa rangi nyingine: nusu ya kodi, dawa za mama mkwe, ada ya yule mtoto wa marehemu mara mbili, gesi, gesi, gesi. Ukiweka rangi mbili pamoja inaonekana nyumba. Hela inakwenda na kurudi kwa vitu vya kijinga, vya kuchosha, na huo uchoshi ndio maisha ya pamoja yanavyofanana kwenye karatasi. Wapenzi hawatumiani hela ya kuzibua sinki.

## Fomu yake mwenyewe

Siku aliyohojiwa, baada ya lile swali, wakili wa upande wa pili akatoa karatasi moja kutoka chini ya faili. Akaomba apewe shahidi aitambue.

Ilikuwa fomu ya mkopo. Ya kwake rafiki yangu. Ya miaka 4 iliyopita. Mwandiko wake, saini yake. Kwenye hali ya ndoa ameweka tiki: hajaolewa.

Nilihisi begi limekuwa zito mapajani.

Sikuwahi kumuuliza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, sio uzembe wa mtu mwingine, ni wangu. Kwa miezi nilikuwa nikitafuta alichoandika marehemu, na sikumuuliza hata siku moja yeye ameandika nini juu yake mwenyewe huko duniani. Maana kanuni ile ile ya mama wakili inakata pande zote mbili. Nayo iliandikwa wakati hakuna aliyekuwa anafikiria mahakama.

"Wewe mwenyewe ulijijua hujaolewa, sivyo?"

Alikaa kimya. Jaji aliacha kuandika akamwangalia.

Zamu ya wakili wetu kumuuliza tena ilipofika, alimuuliza swali moja tu: kwa nini uliandika hivyo? Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, rafiki yangu akaongea kama yeye. Akasema fomu ilikuwa na visanduku vinne, hajaolewa, ameolewa, ameachika, mjane. Akamuuliza afisa, mimi naishi na mume lakini hatuna cheti, niweke wapi. Afisa akamwambia ukiweka umeolewa nitadai cheti. "Nikaweka pale ambapo hawangenidai."

Halafu wakili akamwomba afungue ukurasa wa pili wa fomu ile ile. Pale pa mdhamini. Jina la marehemu, na kwenye uhusiano, kwa mwandiko ule ule: mume.

Mwenzake upande wa pili hakuwa ameufungua ukurasa wa pili. Mimi ningekuwa yeye nisingelala na hilo pia.

Lakini sitaki kuipamba. Kama asingekuwa na ukurasa wa pili, ile tiki ingemgharimu. Ukiwa na fomu ya bima, ya mkopo, ya shule ya mtoto, zote umejitaja huna mtu, mahakama itajiuliza kama mlikuwa na nia ya kuwa mume na mke au mlikuwa mnakaa tu huku kila mmoja akijiachia mlango wazi. Sio lazima zikuangushe, maana aliyeandika "hajaolewa" kwa sababu hana cheti kasema kweli. Ila ziwe mezani kwa wakili wako kabla hazijafika kwa mwenzake, zikiwa na maelezo yake.

## Dada aliyetaka kusaidia

Tulikuwa na mashahidi watatu. Mwenye nyumba, jirani wa ukuta mmoja, na dada wa kuzaliwa wa rafiki yangu.

Mwenye nyumba alikuwa mzee asiyependa mahakama, akajibu kwa hasira karibu kila swali. Unamjua huyu? Ni mpangaji wangu. Na marehemu? Mpangaji wangu. Mkataba ulikuwa wa nani? Wa mwanaume. Nani alileta kodi? Yeyote aliyekuwa na nafasi. Uliwachukulia ni nani kwa nani? "Niliwachukulia ni watu wa nyumba moja, mke akichelewesha kodi namgombeza mume, mume akichelewesha namgombeza mke." Hakuwa upande wa mtu. Ungempa elfu kumi amsifie mtu asingezipokea.

Dada wa rafiki yangu aliharibu. Kwa mapenzi, jamani, kwa mapenzi kabisa. Alipoulizwa kama anajua walioana, akasema ndio, kulikuwa na shughuli ndogo ya kifamilia, yeye alikuwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amemtuma. Kwenye kiapo cha rafiki yangu tulishasema wazi hakukuwa na ndoa yoyote iliyofungwa.

Basi akaanza kuvuliwa magamba. Mwaka gani? Siku gani ya wiki? Nani aliongea upande wa mwanaume? Mlikaa ndani au nje? Swali la tano alikuwa analia.

Hiki kitu kiko kwenye mafaili mengi niliyopanga na sikuwahi kukielewa mpaka nilipokiona kwa macho. Dhana ya ndoa ipo kwa ajili ya watu ambao hawakufunga. Huhitaji sherehe ili uipate. Ukibuni sherehe unaiacha ardhi unayosimama juu yake, unakwenda kujijengea kwenye tope, na ukishikwa na uongo mmoja jaji ana haki ya kuyatilia shaka hata yale mazuri uliyosema. Kama kweli kulikuwa na ndoa ya aina fulani, idai, na uiombe mahakama ikiona haikukamilika basi iangalie dhana. Lakini mtu asitie chumvi.

## Alikuwa huru?

Kuna swali lingine ambalo huwa linachelewa kuulizwa kwa sababu linaonekana la aibu. Marehemu alikuwa na ndoa nyingine hai?

Wa kwetu aliwahi kuoa ujanani. Wakaachana, kila mtu alijua wameachana, yule mwanamke ana maisha yake mengine. Sasa "kila mtu anajua" sio talaka. Kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya mke mmoja na haijavunjwa kisheria, hakuwa na uwezo wa kuoa mwingine, na dhana haiwezi kumpa mtu ndoa ambayo asingeweza kuifunga. Tulikwenda kuitafuta hati ya talaka masjala ya mahakama nyingine kabisa, tukaipata kwenye daftari lililoliwa na mchwa pembeni, namba ya shauri ikasomeka. Bila ile namba nadhani makala hii ingekuwa na habari nyingine.

Ile kesi ya Kenya ya 2023 ilikwama hapo hapo. Watu walikuwa wameishi pamoja tangu miaka ya themanini, na bado mahakama ikasema hakuna dhana ya ndoa, kwa sababu mwanamke alikuwa kwenye ndoa nyingine. Ila haikuishia hapo, na hii ndio sehemu watu hawaisimulii. Mahakama ikaangalia nani alichangia nini kwenye ile nyumba na kiwanja, ikagawa asilimia 70 kwa 30 kwa misingi ya amana, yaani mwenye jina kwenye hati anahesabiwa amemshikia mwenzake fungu lake, bila kuwaita mume na mke. Wote wawili walikuwa hai, sio mirathi, lakini mantiki ni hiyo: mali ambayo sehemu yake ni jasho lako haikuwa ya marehemu peke yake tangu mwanzo. Hudai kurithi hapo. Unadai chako kitolewe kabla ya kugawana.

Na ushahidi wake ni mwingine. Hapo sifa mtaani haikusaidii, wanataka risiti ya mabati.

## Wiki 11

Ndugu walikuwa na silaha moja ya mwisho. Wiki 11 kabla ya kufa marehemu alihamishiwa kwa kaka yake, kwa sababu ni karibu na hospitali na pana choo cha ndani. Wao wakasema aliondoka. Kwamba alimwacha.

Hofu hiyo tuliifanyia kazi kuliko zote. Wakili akatuambia habari ya kesi ya England, Mahakama ya Rufaa mwaka 2004, mwanamke aliyeishi na jamaa zaidi ya miaka 20, ulevi ukamshinda akaondoka, na miezi kama mitatu baadaye jamaa akafa wakiwa hawajarudiana. Wakasema hakuwa nyumba moja naye siku ya kifo. Mahakama ikasema kaya sio kuta nne, ni uhusiano, na kwa mazingira yale ulikuwa haujafa. Mahakama yetu haikulazimika kuifuata, lakini hoja ni hoja.

Kwa hiyo tukatafuta hizo wiki 11. Kitabu cha wageni cha hospitali, jina la rafiki yangu siku 58. Nguo za marehemu, zilikuwa bado kwake, hata viatu vya kazini. Na meseji moja, hii tuliitumia, sio ya mapenzi hata kidogo, marehemu anamwandikia siku 9 kabla: "usisahau kumlipa fundi wa geti kabla sijarudi".

Kabla sijarudi.

Upande wa pili waliisoma wakaikunja.

## Uamuzi

Ulisomwa kwa dakika kama 40 hivi na mimi nilielewa nusu. Picha zetu nne zilipewa sentensi moja, kwamba zinaonyesha wahusika walikuwa pamoja katika siku hizo. Dada mtu, ushahidi wake ukawekwa kando wote. Fomu ya mkopo ikajadiliwa kwa urefu, kurasa zote mbili. Fomu ya kazini na ile ridhaa ya hospitali ndizo zilizobeba, pamoja na mzee wa nyumba, ambaye jaji alimwita shahidi asiye na maslahi.

Akaingizwa kwenye orodha ya warithi kama mjane. Mtoto wa marehemu akabaki na haki yake kama ilivyopaswa, na rafiki yangu hakuwahi kupinga hilo hata siku moja. Kiwanja ambacho marehemu alinunua kabla hawajajuana kikaingia kwenye mali ya kugawana na watu wengine, na hapo hakufurahi. Nyumba ya kupanga haikuwa ya mtu. Kwa hiyo alichoshinda kwa hesabu sio kikubwa kama mnavyofikiria.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Hivi ningesema mke, kesi ingeisha mapema?"

Nikamwambia sijui. Sidhani. Jaji hakulitaja lile jibu kabisa.

## Ya kwetu

Sasa niseme kinachonisumbua kweli, maana mpaka hapa nimekuwa nikijificha nyuma ya rafiki yangu.

Mimi naishi na mtu mwaka wa 8 huu. Hatujafunga. Hakuna sababu kubwa, kila mwaka ilikuwa mwaka ujao. Nyumba imepangwa kwa jina langu, gari ni la kwake, watu wanatuita mama na baba fulani na tunaitika. Nimepanga mafaili ya watu kama sisi miaka 6 na sikuwahi kuona jina letu kwenye jalada.

Juzi usiku nikamuuliza, tukiwa tumezima taa, hivi kazini kwako kwenye fomu ya mwenza umemweka nani?

Kimya.

"Ipi hiyo?"

Ile uliyojaza ulipoanza.

Akasema ataangalia. Nilijua hataangalia, nikamkumbusha asubuhi, nikamkumbusha mchana kwa meseji. Jioni akarudi na kopi yake imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani akaenda kuoga bila kusema neno.

Kwenye mwenza pameachwa wazi. Chini yake, mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, ameandika jina la dada yake. Namba ni ile ya zamani, niliipiga, haipatikani tena.